Asilimia ya nini? Kusoma bajeti ya chama bila woga

Maneno haya tuliyasema siye wa tume ya kese, mbele ya wajumbe wapya wa komite, wiki mbili kabla ya mkutano mkuu. Wengi waliomba yaandikwe ili wayasome nyumbani polepole. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.

Kila mmoja ana karatasi mkononi? Haya.

Tuanze na jambo lililotuumiza. Mwaka uliopita tulileta bajeti mbele yenu, mkaangalia chini, mkaona jumla ya mapato na jumla ya matumizi zinalingana, mkainua mikono. Miezi michache mbele, familia tatu zilifiwa katika mwezi mmoja, na kese ya misiba haikuwa na kitu. Hakuna aliyeiba. Tulikuwa tumeazima dola 900 kutoka mfuko wa misiba ili kununua mbegu, tukingojea msaada wa shirika moja, na msaada ule ukafika wakati watu wamekwisha kupanda. Mama mmoja alikuja ofisini akiwa na kitambaa cha msiba kichwani, akatuuliza: “Sasa makuta yetu ya wafu iko wapi?” Tulikosa jibu. Lakini jibu lilikuwa limeandikwa. Lilikuwa chini ya karatasi, kwa herufi ndogo, na hakuna aliyelisoma, hata sisi wenyewe hatukulisoma kwa sauti.

Njo maana leo hatutafundisha uhasibu. Tutasoma karatasi moja tu, ile ya mwaka unaokuja, mpaka ieleweke.

Na msituambie kwamba hesabu ni ya watu wa shule. Wengi wetu tulikaa Lugufu, wengine Nyarugusu. Siku ya mgawo nani alidanganywa? Mama alijua: tuseme gramu 400 za unga kwa mtu kwa siku, nyumba ina watu 6, siku ni 14. Hiyo ni kilo 33 na gramu 600. Na wakitangaza kwamba mgawo umeshuka hadi asilimia 50, alijua anatakiwa kurudi na kilo 16 na gramu 800. Akipewa 12, alisimama pale pale na kadi yake akauliza. Ile ilikuwa bajeti. Ilikuwa na jumla, ilikuwa na asilimia, na mara nyingi ilikuwa na tangazo lililobandikwa ubaoni kueleza kwa nini mafuta hayapo. Karatasi hii ya leo ni ndugu yake.

Tusome. Hesabu zote ni kwa dola.

Mapato
Michango ya wanachama (1): 2,880
Mashine ya kusaga mihogo: 1,920
Msaada wa mbegu na majembe (2): 4,800
Salio la mwaka huu: 400
Jumla: 10,000

Matumizi
Misiba na magonjwa: 2,000
Mbegu na majembe: 4,800
Mafuta na matengenezo ya mashine: 1,000
Ofisi na uongozi (3): 1,800
Akiba: 400
Jumla: 10,000

Maelezo
(1) Nyumba 120, franga 5,000 kwa mwezi, miezi 12; dola moja kwa franga 2,500.
(2) Ahadi. Mkataba bado kutiwa sahihi. Pesa za kazi hiyo peke yake.
(3) Kodi ya nyumba 720, karatasi na simu 260, safari 300, posho za vikao 520.

Jumla inasema nini, na haisemi nini

Jicho linakimbilia chini. Elfu kumi juu, elfu kumi chini, basi mtu anapumua. Lakini mjue jinsi karatasi hii inavyotengenezwa. Mwandishi huanza na matumizi anayoyataka, kisha anatafuta mapato mpaka yafike pale pale. Kulingana kwa jumla mbili kunaonyesha tu kwamba mwandishi alijumlisha vizuri. Hakuonyeshi kwamba makuta yatakuja.

Kwa hiyo jumlisheni, ndiyo, kwa simu au kwa vidole, dakika mbili zinatosha. Mkikuta kosa, semeni. Lakini mkikuta hakuna kosa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Rudini juu kwenye mapato, na kwa kila mstari ulizeni: makuta haya yamekwisha kufika, yanafika kila mwezi, au ni maneno?

Tufanye pamoja. Salio la 400 tuliisha kulihesabu: liko kwenye kese na kwenye simu ya chama. Hilo lipo. Mashine ya kusaga huleta karibu dola 160 kwa mwezi, na daftari la mashine linaonyesha hivyo. Hilo huja. Michango huja pia, lakini tutaona huja namna gani. Na msaada wa 4,800? Someni maelezo namba 2. Ahadi. Mkataba bado. Hayo ni maneno.

Angalieni sasa: karibu nusu ya ile elfu kumi ni maneno. Asilimia 48 kamili. Chama hakina bajeti ya dola 10,000. Kina bajeti ya dola 5,200 za kwake, na ahadi ya 4,800 pembeni. Msaada usipokuja, hatununui mbegu, na karatasi bado inalingana, siyo? Elfu tano na mia mbili juu, na chini vilevile. Shida haitoki hapo. Shida inatoka siku ile mvua inapokaribia, msaada bado, watu wanalia mbegu, na mtu mmoja kwenye komite anasema: “Tuazime kidogo kwa misiba, tutarudisha.” Mwaka uliopita maneno yale tuliyasema sisi.

Asilimia ya nini?

Hapa ndipo watu wengi wanaogopa. Asilimia ni sehemu kwa kila mia moja, basi. Chukua sehemu, gawanya kwa kitu kizima, zidisha kwa 100. Kwenye simu mnaandika hivi: 1800 ÷ 10000 × 100. Inatoka 18.

Na kweli, mweka kese alipotusomea alisema: “Ofisi na uongozi ni asilimia 18 peke yake.” Ukisikia hivyo, inaonekana ndogo. Katika kila dola mia, ofisi inakula 18. Nani atakataa?

Lakini tulieni. Asilimia haina maana mpaka ujue ni asilimia ya nini. Yeye amegawanya kwa elfu kumi nzima, na ndani ya elfu kumi ile kuna 4,800 ambazo maelezo namba 2 yanasema ni za mbegu na majembe peke yake. Ofisi haiwezi kugusa hata franga moja hapo. Ofisi inakula kwenye zile 5,200 zetu. Basi tugawanye kwa zile: 1800 ÷ 5200 × 100. Inatoka 34 na nusu na kidogo. Tuseme 35.

Mnaona? Ni dola zile zile 1,800. Hakuna aliyeongeza. Ila zamani ilikuwa 18 kwa mia, sasa ni 35 kwa mia, kwa sababu tumebadilisha kile kitu kizima tulichogawanyia. Mweka kese hakudanganya. Alichukua kitu kizima kilicho kikubwa zaidi, na sisi hatukumuuliza ni kipi.

Tufanye vilevile kwa misiba na magonjwa. Dola 2,000 katika 5,200 ni asilimia 38. Chama kiliundwa ili kuzikana na kuuguzana. Sasa kazi ile inapata 38, na ofisi inapata 35. Zinakaribiana hivyo. Labda mtasema ni sawa, kwa maana bila ofisi hakuna chama. Inawezekana. Lakini hilo ni la ninyi kuamua mkiwa mnaliona, na ile 18 ilikuwa imelifunika.

Mtu asiye na simu afanye kwa kichwa. Asilimia 10 ya hesabu inayoishia na sifuri ni kuondoa sifuri moja. Ya 5,200 ni 520. Mara tatu ni 1,560. Ofisi inataka 1,800, imepita 1,560, basi ni zaidi ya asilimia 30. Mtu akikuambia 18, umekwisha kujua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Huhitaji kupata ile 34 na nusu.

Vijinamba vile vidogo

Tuje kwenye maelezo. Kile kijinamba kilicho kwenye mabano pembeni ya mstari kinakuita chini. Ukikiona, shuka nacho kabla ya kuendelea. Kila bei ina hadithi yake, na mwandishi ameiweka pale.

Namba 1. Nyumba 120, franga 5,000, miezi 12. Zidisheni: 600,000 kwa mwezi, 7,200,000 kwa mwaka. Kwa dola moja franga 2,500 inakuwa 2,880. Hesabu ni safi. Lakini isomeni tena kama mtu anayetujua. Nyumba zote 120 zitalipa miezi yote 12? Daftari la michango liko pale mezani, na mwaka huu limeingiza asilimia 75 ya ile iliyotakiwa. Watu wako shambani, watu wameenda ziwani, ndagala hazikupatikana mwezi mzima, mtoto amefukuzwa shule. Hatumlaumu mtu. Ila bajeti haiandikwi kwa nia njema, inaandikwa kwa daftari. Asilimia 75 ya 2,880 ni 2,160. Zinakosekana dola 720.

Tena ndani ya mstari ule ule kuna bei ya dola. Sisi tunachanga franga, lakini mafuta ya mashine na kodi ya nyumba tunaombwa dola. Dola ikipanda kutoka 2,500 hadi 2,800, zile franga 7,200,000, hata zikilipwa zote, zinakuwa dola 2,571. Zimepungua 309, na hakuna mtu aliyekosa kuchanga. Kwa hiyo mkiona bei ya dola kwenye maelezo, linganisheni na bei mliyoiona leo kwa wabadilishaji wa pesa sokoni. Mama anayeuza samaki anaijua kuliko sisi.

Turudi kwa zile 720. Swali kubwa la mjumbe ni hili: pengo litaangukia wapi? Pengo halikai hewani. Mapato yetu wenyewe yakishuka kutoka 5,200 hadi 4,480, mstari mmoja huku chini utapunguzwa, hata kama hakuna aliyepanga. Mwenye nyumba hatakubali kupunguziwa. Mashine bila mafuta haisagi, na isiposaga hailipi. Posho hulipwa siku ile ile ya kikao. Nani anabaki? Mfuko wa misiba, kwa sababu wafu hawana haraka, na mgonjwa anaona haya kudai. Elfu mbili toa 720 ni 1,280. Kwa desturi yetu ya dola 50 kwa kila nyumba iliyopatwa, dola 2,000 zinasaidia nyumba 40. Dola 1,280 zinasaidia 25, zinabaki 30 zisizotosha nyumba nyingine. Basi ule mstari mmoja wa herufi ndogo, “nyumba 120, miezi 12”, umebeba nyumba 15 zitakazobisha mlangoni na kurudi mikono mitupu.

Maelezo pia humtetea mtu

Msitoke hapa mkifikiri kwamba maelezo ni mahali pa kumkamatia mwizi. Mara nyingi yanamwokoa mtu. Kumbukeni ripoti ya miezi sita tuliyowapa Julai. Ilionyesha ofisi imetumia 1,260 katika 1,800, yaani asilimia 70, na mwaka ulikuwa umefika nusu tu. Kukawa na kelele. Baba mmoja alisema mweka kese anajenga nyumba.

Lakini maelezo yalisema kodi ya mwaka mzima, dola 720, ililipwa yote Januari, kwa sababu mwenye nyumba alitaka hivyo. Tuitoe. Inabaki 540 iliyotumika katika 1,080. Ni nusu kamili, kwa nusu ya mwaka. Mtu yule alikuwa msafi, na tulimwonea.

Siku hiyo hiyo mstari wa mashine ulionyesha asilimia 30 peke yake: dola 300 katika 1,000. Tukampigia makofi mwendesha mashine kwa kubana matumizi. Kumbe mafuta ya miezi miwili yalichukuliwa kwa deni, dola 200, na deni halikuandikwa kwa sababu makuta hayakuwa yametoka kese. Mkiweka deni, ni 500, ni nusu pia. Siku hiyo tuligombana na asiye na kosa, tukasifu mstari wenye deni lililofichika.

Basi mkisoma ripoti ya katikati ya mwaka, linganisheni asilimia ya makuta na asilimia ya miezi. Miezi 6 ni 50. Miezi 9 ni 75. Mstari ukiwa mbele sana, ulizeni: kuna kitu kililipwa mara moja kwa mwaka mzima? Mstari ukiwa nyuma sana, ulizeni: kuna deni ambalo halijalipwa, au kazi haikufanyika? Maswali hayo mawili yanaulizwa bila kumtukana mtu. Na jibu lisiwe la mdomo tu. Liwe na faktire, au daftari, au karatasi ya deni yenye sahihi.

Tunachopendekeza

Tulipokwisha kusoma hivi kati yetu, tuliona haya kuileta karatasi ile kama ilivyo. Kwa hiyo tunawaletea nyingine, na tunaomba mkaijadili kabla ya mkutano mkuu.

Kwanza, mbegu na majembe zinakwenda kwenye karatasi ya peke yake. Haziingii katika jumla yetu, haziingii katika asilimia zetu, na hakuna mbegu inayonunuliwa kabla pesa za kazi hiyo hazijafika kwenye akonti ya chama. Na kuazima mfuko wa misiba kunakatazwa, kwa maandishi.

Pili, michango tunaiandika 2,160, kwa jinsi inavyolipwa. Mapato yetu ni 4,480. Misiba na magonjwa inabaki 2,000. Mashine inabaki 1,000. Akiba inashuka hadi 200. Ofisi inabaki na 1,280. Jumlisheni: 4,480.

Mtauliza zile 520 za ofisi zimetoka wapi. Rudini kwenye maelezo namba 3. Ni posho za vikao. Ni zetu sisi tunaosema hapa, na zenu ninyi mnaosikiliza. Michango ikipita 2,160, makuta ya kwanza yatarudisha akiba kwenye 400, na kitakachozidi ndicho mtaamua kama kinakuwa posho. Tunajua si wote watafurahi. Mjumbe mmoja amekwisha kutuambia kwamba anatoka mbali na hawezi kuja bure. Ana haki ya kusema, na ndiyo maana mstari wa safari hatukuugusa. Hata hivyo, misiba sasa ni asilimia 45 ya makuta yetu wenyewe, na ofisi ni 29. Mkitaka kutengeneza kingine, tengenezeni, ila mseme pengo linaangukia wapi.

Jambo la mwisho. Siku ya mkutano mkuu karatasi itasomwa yote kwa Kiswahili, mpaka vijinamba vya chini, na hakuna mkono utakaoinuliwa kabla havijasomwa. Msomaji akiruka kijinamba, mjumbe yeyote amsimamishe. Mama zetu, ninyi mliosimama na kadi mbele ya mizani ya unga mkauliza kilo zetu ziko wapi, msikae kimya mbele ya karatasi ya chama chenu wenyewe.

Daftari la michango, daftari la mashine na faktire zote ziko hapa mezani mpaka jioni. Sasa ulizeni.